Kabari ya ngazi kwa triaji ya kliniki: maswali tunayoulizwa kila mara na watu wanaoandika proposali

Kwanza, hii kabari ya ngazi ni kitu gani?

Ni ile stepdi weji ambayo supavaiza wako ameitaja kwa mkutano ukatikisa kichwa kama unaijua. Unachukua kliniki zote ulizo nazo, zote zinaanza kwa mtindo wa zamani, halafu kila baada ya muda fulani kundi moja linavuka kwenda mtindo mpya na halirudi nyuma, mpaka mwisho zote zimevuka. Nani avuke lini inaamuliwa kwa kura. Ukichora kwenye karatasi na kupaka rangi sehemu zilizovuka, unapata umbo la kabari, ile ya kupasulia kuni.

```
          K1  K2  K3  K4  K5
Kundi A    0   1   1   1   1
Kundi B    0   0   1   1   1
Kundi C    0   0   0   1   1
Kundi D    0   0   0   0   1
```

K ni kipindi, 0 ni zamani, 1 ni triaji mpya, yaani utaratibu mpya wa kupanga nani aonwe kwanza. Jina lenyewe lilitoka Gambia, kwa ule utafiti wa chanjo ya hepatitisi B ulioanza 1986. Chanjo haingeweza kufika nchi nzima siku moja, kwa hivyo ilisambazwa eneo baada ya eneo kwa miaka kama 4, na mpangilio ukafuata kura. Kumbuka hiyo sababu yao, tutairudia.

Mfano mnaoutumia hapa ni upi?

Tuseme ni kliniki 20 za leveli ya 2 na ya 3 ndani ya Nairobi, za kaunti na za mashirika ya dini zikiwa zimechanganywa. Triaji mpya ni ya rangi, imetolewa kwa ile skeli ya Afrika Kusini: nyekundu anaonwa hapo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Kila kipindi ni wiki 8, zile 2 za kwanza ni za mafunzo na hazihesabiwi kwa kliniki yoyote, zile 6 zinazobaki ndizo za kupima. Vipindi 5, wiki 40. Walimu wa kufundisha wako timu moja tu ambayo inaweza kushika kliniki 5 kwa awamu moja, na hiyo timu moja ndiyo itabeba proposali nzima, utaona.

Kwa nini isiwe tu nusu wapate nusu wasipate?

Hili swali kamati itakuuliza hata kama hawajasoma kitu kingine, na jibu la "stepdi weji ni ya kisasa" litakuaibisha. Lifanyie hesabu kabla ya kulijibu.

Chukua zile kliniki 20, wagonjwa 40 kwa kila kliniki kwa kila kipindi, na tunatafuta kupanda kutoka asilimia 45 hadi 55 ya wagonjwa wa haraka wanaoonwa ndani ya saa 1. Ukigawa nusu kwa nusu tangu mwanzo na usipime kitu kabla, pawa, ule uwezekano wa utafiti kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli, inakuja karibu asilimia 54, yaani ni kama kurusha shilingi. Lakini hakuna mtu mwenye akili atafanya hivyo siku hizi, atapima kipindi 1 kabla halafu avushe kliniki 10 kwa pamoja, na hapo pawa inapanda hadi 78. Kabari ya ngazi kwa data ile ile inatoa 88.

Sasa ona, tofauti halisi ni 78 kwa 88, sio 54 kwa 88. Watu wengi wanalinganisha kabari na ule mpango dhaifu ndio ionekane imeshinda vibaya, na mkaguzi anayejua takwimu anaiona kutoka mbali. Andika ile 78 mwenyewe. Halafu useme ukweli wa pili, kwamba ule mpango wa nusu kwa nusu hauumizwi na mabadiliko ya muda kama huu wetu, kwa sababu kila siku una kliniki 10 za kila upande za kulinganisha.

Baada ya kukiri hayo yote, sababu yako inabaki nini? Inabaki timu ya walimu. Kuvusha kliniki 10 kwa wiki 2 kunahitaji timu mbili na hauna. Na kaunti imeshaamua triaji itafika kliniki zote, kwa hivyo swali lililobaki ni ifike kwa utaratibu gani, na kama utaratibu uko mikononi mwako basi kura haikugharimu kitu. Hiyo ndiyo sababu ile ile ya Gambia. Kama huna hizo mbili, yaani usambazaji ulioamuliwa tayari na uwezo mdogo wa kusambaza kwa mara moja, mimi ningekushauri uende na nusu kwa nusu yenye kipimo cha mwanzo na ulale usingizi.

Lakini si ni vibaya kuwanyima wengine kitu kizuri? Hiyo peke yake haitoshi?

Haitoshi, na inakurudia. Ukiandika kwamba triaji mpya ni nzuri wazi wazi na kunyima mtu ni dhambi, mwenyekiti wa kamati ya maadili atakuuliza kama unajua tayari ni nzuri unafanya utafiti wa nini, na kwa nini kundi D lingoje wiki 32. Mimi niliandika hiyo sentensi kwa proposali yangu ya kwanza, nikaipenda sana, ikarudi imepigwa mstari mwekundu na swali moja pembeni: "Kwa hivyo D walikosea nini?"

Sema hivi badala yake: hatujui kama rangi zitapunguza kungoja kwa wagonjwa wa haraka au zitaongeza tu kituo kingine cha kungojea, na kungoja kwa D hakutoki kwa utafiti, kunatoka kwa uhaba wa walimu ambao ungekuwepo hata bila sisi.

Kwa nini kila mtu anasema muda ndio adui?

Kwa sababu katika kabari, triaji mpya na kalenda zinatembea pamoja. Mwanzo wote ni zamani, mwisho wote ni mpya. Kitu chochote kinachobadilika kadiri miezi inavyoenda kinaweza kuvaa nguo za triaji.

Nikuonyeshe kwa namba rahisi. Tuseme triaji haifanyi kazi kabisa, sifuri. Lakini mwanzoni mwa utafiti kulikuwa na mgomo, halafu mambo yakatulia polepole, kwa hivyo wanaoonwa kwa wakati ni asilimia 40 kwa K1, halafu 45, 50, 55, na 60 kwa K5, kliniki zote sawa. Sasa mtu akachukua data yote ya "mpya" akatafuta wastani, akachukua yote ya "zamani" akatafuta wastani. Upande wa mpya kuna kundi 1 lenye 45, makundi 2 yenye 50, 3 yenye 55, na 4 yenye 60, wastani 55. Upande wa zamani kuna 4 zenye 40, 3 zenye 45, 2 zenye 50 na 1 lenye 55, wastani 45. Tofauti ni pointi 10. Ndio hiyo hiyo uliyoiahidi kwa proposali, na triaji haijafanya chochote!

Dawa yake ni kuweka kipindi ndani ya modeli, kila kipindi na kiwango chake, ndio triaji ilinganishwe ndani ya kipindi kimoja kati ya waliovuka na ambao bado. Kwa mfano huo wa juu jibu linarudi kuwa sifuri. Hili sio pambo la kuongeza kwa sehemu ya uchambuzi, na proposali ambayo modeli yake haina kipindi haifai kupita.

Lakini dawa inafanya kazi tu kama lile wimbi limezipiga kliniki zote sawasawa. Nairobi tunajua mawimbi. Madaktari waligoma kuanzia 14 Machi 2024 hadi 8 Mei, siku 56. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja bima ya afya ya SHA badala ya NHIF, na watu wa kaunta wakakaa wiki nyingi wakijifunza mfumo huku laini ikizunguka jengo. Mgomo kwa kliniki za kaunti unaweza kufunga mlango kabisa, na kliniki ya kanisa iliyo mtaa huo huo inapokea mafuriko. Hapo kipindi kimoja kina mawimbi mawili tofauti. Kwa hivyo weka kipindi kwa kila aina ya kliniki, wa kaunti peke yao na wa mashirika peke yao, na kura pia ipigwe ndani ya kila aina ndio kusitokee kundi A lote ni la kanisa na D lote ni la kaunti. Pia kuwe na daftari la matukio, mtu mmoja anaandika kila wiki: mgomo, mafuriko ya mvua, dawa zimeisha, umeme. Linakaa bure mpaka siku utakapolihitaji.

Nipime nini? Si muda wa kungoja tu kutoka kwa rejista?

Hapa ndipo proposali nyingi za triaji zinakufa bila mwenyewe kujua, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Nenda kliniki yoyote ya mtaa Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi. Askari wa geti anagawa vipande vya katoni vilivyoandikwa namba kwa kalamu ya mafuta. Mama aliyebeba mtoto anayehema anapewa 23. Anakaa kwenye benchi. Saa 2 na kitu karani anafungua dirisha, saa 3 na robo anafikia 23, anaandika jina, umri, mtaa, na saa: 3:15. Daktari anamwona saa 3:50. Rejista inasema alingoja dakika 35. Yule mama amekaa zaidi ya saa 3.

Sasa lete triaji mpya. Nesi amewekwa mlangoni, anapima joto, mapigo, pumzi na oksijeni mara mgonjwa anapoingia, na anaandika saa ya kuingia kwenye kadi ya rangi. Mtoto anaandikwa saa 1 kamili, anapewa chungwa, anaonwa saa 2 na dakika 10. Rejista mpya inasema amengoja dakika 70. Kwa mama, kungoja kumepungua zaidi ya nusu. Kwa data yako, kumeongezeka mara mbili! Mfumo mpya umeanzisha saa mapema, ndio maana. Hakuna modeli ya kusafisha hiyo kwa sababu kosa limeingia siku ile ile na kliniki ile ile triaji ilipoingia.

Kwa hivyo saa ianzishwe na mtu ambaye si wa kliniki na habadiliki, kutoka K1 hadi K5. Karani wa utafiti anakaa getini na tableti, anagonga mtu anapoingia, na mwenzake anagonga mtu anapofika mlango wa daktari. Vipande vya katoni vinakusaidia, unaweka vyako vyenye namba ileile kwa tableti. Siku na saa za kupima zichaguliwe kwa bahati nasibu na kliniki zisijue mapema, na Jumatatu zisikosekane kwa sababu karani anaona uvivu wa umati.

Ukitaka kujua kama data ya zamani ina hilo tatizo, fanya kitu rahisi kabla ya kuandika proposali: kaa asubuhi 1, andika saa ya geti ya watu 20, halafu linganisha na rejista yao. Hiyo jedwali ndogo ukiiweka kwa kiambatisho kamati inakuheshimu.

Mgonjwa wa "chungwa" atajulikanaje kabla rangi hazijaanza?

Swali zuri kuliko yote na huulizwa na wachache. Ukihesabu "wagonjwa wa chungwa na njano wanaoonwa ndani ya saa 1" kwa kutumia rangi za kliniki, upande wa zamani huna rangi, na upande wa mpya rangi zinategemea nesi. Nesi akiwa mwoga anapaka watu wengi chungwa, wengi wao si wagonjwa sana, na hesabu inabadilika bila huduma kubadilika. Kutumia faili za zamani kukisia rangi pia hakusaidii, kwa sababu kabla ya triaji faili nyingi hazina hata pumzi iliyohesabiwa.

Kwa hivyo karani wa utafiti awe na mafunzo ya kupima, na apime mwenyewe sampuli ya wanaoingia kwa kanuni zile zile vipindi vyote, na tableti ndiyo iamue kimyakimya nani anastahili kuhesabiwa kama wa haraka. Nesi haoni, daktari haoni, na rangi ya kliniki haitumiki kuamua nani yuko ndani ya hesabu. Wale 40 kwa kila kliniki kwa kila kipindi ni hao, kama 7 kwa wiki, inawezekana bila kujiua.

Na karani akiona mtoto amezidiwa kwa kliniki ambayo bado haijavuka?

Anapiga kelele. Anamwita sista papo hapo, utafiti baadaye. Andika wazi kwamba dalili za hatari, degedege, kupoteza fahamu, kushindwa kupumua, oksijeni ya chini sana, zinatolewa taarifa saa hiyo hiyo kwa kliniki zote, na ndiyo sababu wekundu hawamo kwenye kipimo kikuu, tunahesabu chungwa na njano peke yao. Kuna atakayesema hiyo inapunguza tofauti kati ya zamani na mpya. Ndio inapunguza kwa wekundu, na tumewatoa.

Chungwa pia kuna wanaoumiza roho ukiwaona wanangoja. Tulichofanya ni kuweka kikomo, akipita dakika 60 bila kuonwa karani anamwambia sista, "huyu ameketi sana". Kipimo chetu ni ndani ya dakika 60, kwa hivyo hiyo taarifa inakuja baada ya jibu kuandikwa na haiharibu kitu.

Kliniki ngapi zinatosha? Naona watu wanaandika 12.

Hata sisi tulianza na 12. Nikuonyeshe tulivyohama kutoka hapo.

Kuna kitu mbili za kukisia. Moja ni `icc`, kiasi ambacho wagonjwa wa kliniki moja wanafanana kuliko wa kliniki tofauti, tumeweka 0.05. Ya pili ni `cac`, na hii ndiyo watu wanaruka: kliniki ya Machi na kliniki hiyo hiyo ya Julai, je bado ni kliniki ile ile? Ukiweka 1 unasema ndio kabisa. Lakini nesi mkuu amehamishwa, mashine ya oksijeni imeharibika, klinikal ofisa mpya ni mwepesi, kwa hivyo 0.8 ni ya uaminifu zaidi. Fomula ya pawa ni ya Hussey na Hughes ya 2007, na hiyo `cac` imeingizwa kwa kuongeza tofauti ya kliniki kwa kipindi. Kwa programu ya R unaandika tu hivi:

```r
pawa <- function(I, n, icc = 0.05, cac = 0.8, p = 0.5, d = 0.10) {
  X <- 1 * upper.tri(matrix(0, 4, 5))
  X <- X[rep(1:4, each = I/4), ]
  K <- 5; v <- p*(1-p)
  t2 <- v*icc*cac
  s2 <- v*icc*(1-cac) + v*(1-icc)/n
  U <- sum(X); W <- sum(colSums(X)^2); V <- sum(rowSums(X)^2)
  va <- I*s2*(s2 + K*t2) /
    ((I*U - W)*s2 + (U^2 + I*K*U - K*W - I*V)*t2)
  pnorm(d/sqrt(va) - 1.96)
}
pawa(12, 40, cac = 1)  # 0.81
pawa(12, 40)           # 0.68
pawa(16, 40)           # 0.80
pawa(20, 40)           # 0.88
```

Ona mstari wa kwanza na wa pili. Kliniki zile zile, wagonjwa wale wale, dhana moja tu imebadilishwa na 81 imekuwa 68. Ukiona proposali ya kliniki 12 yenye pawa 81 na hakuna neno kuhusu `cac`, unajua imetoka wapi.

Kwa nini tusisimame kwa 16 basi, si ni 80? Kwa sababu kliniki 16 ni chache kitakwimu, na ile 1.96 inafaa ukiwa na nyingi. Ukirekebisha kwa uchache wa kliniki, kizingiti kinapanda hadi kama 2.14 na pawa ya 16 inateremka hadi karibu 74. Ya 20 inateremka hadi karibu 85, na hiyo ndiyo tuliyoiandika, pamoja na nafasi kidogo ya kliniki moja kutoka.

Kuongeza wagonjwa kunasaidia pia. Kliniki 12 zenye wagonjwa 80 kila kipindi ni 84 kabla ya marekebisho. Lakini hiyo ni wagonjwa 4,800, wakati kliniki 20 kwa 40 ni 4,000, na kliniki 12 zikipoteza moja unalia.

Kura inapigwaje?

Kwa aina ya kliniki kwanza, kama nilivyosema juu, halafu tazama ukubwa, kliniki ya wagonjwa 250 kwa siku isikae na nyingine kama hiyo kundi moja. Mtakwimu ambaye hajui majina anatengeneza mipangilio yote iliyo na usawa na kuchagua mmoja kwa bahati. Wakuu wa kliniki waambiwe zamu yao wiki chache kabla tu. Ukiwaambia kundi D mwanzoni kwamba zamu yao ni mwakani, kuna sista mwenye bidii ataenda kwa jirani, apige picha ile chati ya rangi ukutani na aanze mwenyewe.

Manesi wakichukua muda kuzoea, modeli inajua?

Ile ya kawaida haijui. Inadhani triaji ikiingia athari inaruka siku hiyo hiyo na kubaki pale. Kumbe mwezi wa kwanza rangi zinapunguza kasi, nesi anatafuta mashine ya presha, mwezi wa tatu inaenda vizuri, na mwezi wa sita kadi zimeisha na watu wamerudi kwa katoni. Kenny na wenzake walionyesha 2022 kwamba athari ikikua na muda na wewe ukachambua kama iliyo tambarare, jibu linaweza kupotoka vibaya hadi kugeuka upande, yaani kitu kinachosaidia kionekane kinaumiza. Kwa hivyo proposali iseme mapema: uchambuzi wa pili utakadiria athari kwa kila kipindi tangu kliniki ivuke, halafu wastani wake. Pawa ya huo ni ndogo zaidi na useme hivyo.

Pia angalia nani anabeba zile namba. Athari ya vipindi 4 baada ya kuvuka inatoka kundi A peke yake, kliniki 5. Usiahidi kwamba utajua kama triaji inadumu.

Ruhusa zinaenda kwa mpangilio gani?

Kamati ya maadili kwanza, halafu leseni ya utafiti ya NACOSTI, halafu barua ya kaunti, halafu wakuu wa kliniki. Jaribio lisajiliwe PACTR, ile rejista ya majaribio ya Afrika, kabla ya mgonjwa wa kwanza wa K1 kupimwa. Ripoti itafuata ule mwongozo wa kuripoti majaribio wa CONSORT, nyongeza yake ya 2018 ya stepdi weji, soma orodha yake sasa wakati wa kuandika, sio ukimaliza.

Kuhusu idhini, mkuu wa kliniki anaruhusu kliniki kushiriki lakini hiyo haimaanishi ameidhinisha kwa niaba ya wagonjwa, tamko la Ottawa la 2012 kuhusu maadili ya majaribio ya makundi liko wazi kwa hilo. Kwa triaji, mgonjwa hawezi kuikataa akiingia mlangoni, kwa hivyo unaomba kamati iondoe sharti la idhini kwa huduma yenyewe, na unaomba idhini ya mdomo kwa vipimo vya karani, kwa sababu hivyo ni vya utafiti. Na manesi pia ni washiriki, wanasahaulika kila mara.

Kliniki ikichelewa kuvuka, au nesi aliyefundishwa akahamishiwa ambayo haijavuka?

Inayochelewa inahesabiwa kwa tarehe yake ya kura, si kwa tarehe iliyoanza kweli. Najua inauma kuhesabu wiki 6 za "mpya" ambapo hakuna hata kadi moja ya rangi, lakini ukianza kusogeza tarehe, kliniki zinazochelewa ndizo zile zenye shida nyingi na umeshaharibu kura. Uchambuzi wa tarehe halisi uwe wa pembeni.

Nesi aliyehamishwa huwezi kumzuia. Tuliweka fomu ya uhamisho, mstari mmoja kwa mtu: ametoka wapi, ameenda wapi, lini, alifundishwa au la. Fomu haikuhesabu zile loka za wikendi ambazo nesi wa kundi A anafanya kwa kliniki ya kundi C kwa pesa ya pembeni, na hizo ndizo nyingi. Sasa karani anauliza kila Jumatatu, "Wikendi nani alikuwa zamu hapa?", na anaandika.